Boriti ya spani mbili: nichague nguvu ya katikati au ya pembeni kuwa ya ziada?

mwanga_B: Wakuu, nina boriti inayoendelea juu ya mategemeo matatu A, B na C. Nataka kutumia Castigliano. Nianze na R ya B au ya A? Jibu la R_A linanitokea 22.5 kN na mzani haukubali.

nondo16: Urefu wa spani? Mzigo? EI ni moja kote? Hapo hatuwezi kukuambia kitu.

mwanga_B: Samahani. AB mita 6, BC mita 4, mzigo 10 kN/m kote. EI sijapewa.

nondo16: EI haina kazi, hukatika daima. Mimi ningetumia momenti tatu, mstari mmoja tu: M_B = −35 kN·m.

Fundi Hesabu: Jibu lako sahihi, ila ameuliza kuhusu nishati. Mwanga, chukua R_A = R, halafu pima x kutoka A na kutoka C, ili kila momenti iwe fupi. Usawa wa momenti kwenye B unatoa R_C = 1.5R − 25. Basi:

```
AB: M = Rx − 5x²             ∂M/∂R = x
CB: M = (1.5R − 25)x − 5x²   ∂M/∂R = 1.5x
(72R − 1620) + (48R − 1280) = 0
R = 24.17 kN
```

R_C inakuwa 11.25 na R_B 64.58, jumla 100 kama mzigo wote. Wewe uliacha spani ya CB kwa kudhani R_C haitegemei R. Ukibaki na 72R = 1620 unapata 22.5, yaani 3wL/8, jibu la boriti iliyokazwa ukutani pale B. Ukiiona namba hiyo, jua umeizuia B isizunguke.

mwanga_B: Kumbe! Niliweka sifuri kwenye ∂M/∂R ya CB.

kona_tisini: Yangu ina vipimo hivyohivyo, lakini B imezama mm 5. EI ni 20,000 kN·m². Bado naweka sifuri?

Fundi Hesabu: Hapana. Hapo chagua R_B, kwa sababu mzamo uko palepale: ∂U/∂R_B = −0.005, alama hasi kwa kuwa R_B inasukuma juu na tegemeo limeshuka. R_B inapungua kwa EI × 0.005 / 19.2, yaani 5.21 kN, ibaki 59.38. Nondo, ona EI haikukatika. Hata bila mzamo, spani zikiwa na EI tofauti, uwiano wake unabaki.

nondo16: Kwa EI tofauti nakubali. Lakini momenti tatu nayo inabeba mzamo, bila integrali hata moja.

Fundi Hesabu: Inabeba, mradi unene usibadilike ndani ya spani. Ukibadilika, kanuni ile ya kawaida haitoshi. Integrali unaikata pale unene unapobadilika na kuendelea.

kona_tisini: Na kama C nayo imezama?