Naomba ushauri: harusi Desemba 2025 au Januari 2026?

Ndugu zangu, niko Kampala. Kwanjula, sherehe ya kutambulishwa kwa familia ya mchumba, tumemaliza; imebaki harusi. Senga wa mchumba wangu, yaani shangazi yake, mpenzi wa elimu ya kubashiri kwa namba, anaikataa Desemba: 2+0+2+5=9, mwaka wa kufunga mambo. Anataka Januari, maana 2+0+2+6=10, na 1+0=1, mwaka wa kuanza. Sawa, lakini wengine wa fani hiyohiyo husema 1 ni ya kujitegemea. Ya wawili ni 2, yaani tungoje 2027!

Tena kuna mwaka binafsi. Nimezaliwa 14 Agosti: 1+4+8=13, yaani 4. Ongeza 9 ya 2025, inarudi 13, tena 4, mwaka wa kujenga msingi. Senga hilo halitaji. Ukumbi wa Desemba tumeshaulipia arubuni. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?