Naomba ushauri: barua ya kumjulisha mwombaji kuwa hakupata kazi

Habari za leo wakuu. Nipo Mafinga, nasimamia ofisi ndogo ya mbao. Tulitafuta mtunza stoo mmoja, tukasaili watu wanne, na aliyepata ameshasaini mkataba. Barua inayonisumbua ni ya dada mmoja aliyepanda basi kutoka Makete. Alijieleza vizuri sana, ila hajawahi kushika leja ya stoo.

Rasimu ya kwanza niliijaza shukrani, jibu lenyewe likaja aya ya tatu, halafu nikamalizia na "tutakutafuta nafasi ikitokea". Nimeifuta hiyo sentensi. Hatutarajii kuajiri tena mwaka huu, na mtu anaweza kuacha kibarua kingine akisubiri simu yangu. Nimetoa pia "ushindani ulikuwa mkubwa", maana walikuwa wanne tu!

Sasa inasomeka hivi:

"Asante kwa kusafiri kuja kwenye usaili wa mtunza stoo. Samahani, hukuchaguliwa, na nafasi imeshajazwa. Tulimchukua mwenye uzoefu wa kutunza leja. Maelezo yako kuhusu kupima na kupanga mbao yalikuwa mazuri. Hatutarajii kuajiri tena mwaka huu."

Naomba mnisaidie mawili. Sababu ya leja niiache ibaki, au itafungua mlango wa kubishana? Na hiyo sentensi ya kumsifu, ninyi mngeipokea kama heshima, au mngeanza kutumaini tena? Mwenzangu ofisini anasema niitoe. Mimi naona bila hiyo, barua inakuwa kavu mno. Nataka kuituma kesho asubuhi.