Tupeane uzoefu: tendo la ndoa lilizungumzwaje kwenye ushauri wenu kabla ya harusi?

Mchumba Mtarajiwa
Wakuu, habari zenu. Mimi na mwenzangu tuko kwenye vikao vya ushauri kabla ya ndoa. Habari za pesa tumezipitia kwa kina, wakwe nao tumewamaliza. Tulipofika kwenye tendo la ndoa mshauri akasema "msinyimane", akafunga daftari, akatuombea. Mwenzangu alikuwa anaangalia miguu yake muda wote. Sasa nauliza mliopita huko: nani alianza kulisema, mliulizwa nini hasa, na yapi yalijitokeza ambayo hamkuyatarajia? Nataka yaliyowakuta nyinyi, mahubiri ninayo ya kutosha.

Mama Pacha
Mshauri wetu alikuwa mama mtu mzima, hana aibu hata kidogo. Alitupa kila mmoja karatasi yenye maswali yaleyale, akatutenganisha vyumba. Unatarajia mara ngapi? Nani aanze? Usipojisikia utasemaje, na ungependa wewe uambiweje? Kuna kitu gani hutaki kabisa? Unaogopa nini? Kabla hatujaanza alituambia kwamba jibu ambalo hutaki mwenzako alione uliwekee nyota, na hilo utalizungumza naye peke yake.

Tuliporudi, mwenzangu alikuwa ameandika "kila siku, labda awe mgonjwa". Mimi niliandika "wikendi". Nilitaka ardhi ipasuke. Nikadhani tutaanza kupatana kama watu wa sokoni, mara tatu, mara nne. Mama yule namba hakuzigusa. Alimgeukia mwenzangu: "Siku moja ikipita, utajiambia nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema atajua hatakiwi. Nami nilipoulizwa kwa nini wikendi, nilisema siku za kazi narudi nimechoka na naogopa kuanza kitu nisichoweza kukimaliza.

Kumbe yeye alikuwa anahesabu kupendwa, na mimi nahesabu usingizi. Tulichokubaliana pale kilikuwa kidogo tu: anayekataa aseme lini, asiishie kwenye "hapana" na kugeukia ukutani. Na kukumbatiana kuwepo bila kudaiwa kuendelea mpaka mwisho. Hilo la pili ndilo lililoniokoa mimi, maana nilikuwa nimeshaanza kumkwepa hata kumshika mkono nikiwa nimechoka.

Bin Sefu
Mama Pacha, nakuheshimu, lakini kuwaandikisha vijana maswali hayo kabla ya ndoa ni kuwatia vishawishini bure. Mambo hayo mtu anajifunza akishaingia. Tena mwanamke kwa maumbile hamu yake ni ndogo, mume akijua hilo mapema hapati shida.

Nesi Mstaafu
Bin Sefu, kwenye vishawishi sikubishii moja kwa moja. Ndiyo maana washauri wengi huweka maswali haya karibu na harusi, si vikao vya mwanzo. Ila hilo la maumbile ni nusu tu. Kuna watu ambao hamu huwajia yenyewe wakiwa wamekaa tu, na kuna ambao huja baada ya kuguswa na kutulia akili. Wanawake wengi wako kundi la pili, lakini wanaume pia wamo, na nimewaona wanawake wengi tu wa kundi la kwanza. Wa kundi la pili akisubiriwa aanze yeye, mtasubiriana mpaka mgombane. Ndiyo maana swali la "nani aanze" lina maana kuliko la "mara ngapi".

Nyongeza moja kwa mleta mada, kuhusu usiku wa kwanza. Muulizane mnachokitarajia, hasa damu. Si kila bikira hutoka damu. Kizinda kina maumbo tofauti na hunyumbulika, kwa hiyo shuka safi si ushahidi wa chochote. Nimeona ndoa ikitikisika asubuhi ya kwanza kwa jambo hilo tu, na binti alikuwa hana kosa.

Kimya Kingi
Naomba niseme langu. Sisi hatukuulizwa lolote. Baada ya harusi ikawa haiwezekani kabisa, mwili unajifunga wenyewe, maumivu kama ya kuungua, mume akidhani simtaki. Nilikuwa nampenda. Tuliambiwa tuvumilie, tulegee, nikapewa na vidonge vya usingizi! Baadaye sana daktari mmoja wa kike alinieleza kwamba misuli inayozunguka uke inakaza bila mimi kuiamuru, na kadiri tunavyolazimisha ndivyo mwili unavyojifunza kuogopa. Alituambia tuache kabisa kujaribu kwa muda. Nikafundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya tiba kukaza na kuachia ile misuli, kisha kutumia vifaa laini kuanzia chembamba kama kidole, kwa mkono wangu mwenyewe, hadi kikubwa. Ilichukua miezi, ila tulifika.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo kabla. Nilikuwa siwezi kupimwa ukeni hospitalini, nalia, wananiambia naleta utoto. Kama kuna mshauri angeuliza "unaogopa nini", ningelisema.

Nesi Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Na waliokulegeza kwa vidonge walikosea. Mchumba anayeona dalili hizo aanze matibabu mapema, hakuna haja ya kusubiri harusi.

Fundi Mkuu
Mimi naona ni dhambi kabla ya ndoa, mwisho wa hadithi. Kwa nini mnashauri watu wajaribu?

Mama Pacha
Fundi, rudi juu usome taratibu. Hakuna aliyesema kujaribu. Tunaongelea kuzungumza.

Fundi Mkuu
Sawa, nimesoma. Basi niulize: sisi tuko kwenye ndoa miaka mingi na hatujawahi kuzungumza. Zile karatasi za Mama Pacha zinafaa na kwa wazee?

Mama Pacha
Zinafaa. Mtashangaa zaidi yetu.

Jirani Mwema
Kwa upande wa wanaume, jamani tuseme na dawa. Nilikuwa natumia dawa za sonona, hamu ikashuka na kumaliza ikawa kazi. Nilipanga kunyamaza. Mshauri aliuliza waziwazi, "kuna dawa yoyote mnayotumia?" Ndipo nikafunguka mbele ya mchumba. Alikuwa anajilaumu, akidhani simuoni mzuri. Daktari alinibadilishia aina na hali ikarudi kwa sehemu kubwa. Msiache dawa wenyewe, mimi nilijaribu kuruka siku nikapata kizunguzungu kibaya. Wenye sukari na presha nao waulize, maana nguvu zinaweza kuguswa na ugonjwa wenyewe au na dawa.

Mchumba Mtarajiwa
Asanteni mno. Swali linalonisumbua sasa: waliotutangulia kwenye maisha yetu. Mwenzangu anataka tuambiane kila kitu, idadi na majina. Mimi sitaki.

Bin Sefu
Usiseme. Picha ikiingia kichwani haitoki.

Nesi Mstaafu
Yanayogusa afya yake, yaani maambukizi, ujauzito, mtoto aliye mahali, sema yote, na mpime pamoja VVU, kaswende na homa ya ini. Majina mimi sioni yanamsaidia nini. Ila kama kuna uliyetendewa kwa nguvu, hilo ni lako. Anza na mshauri peke yenu, uamue mwenyewe lini na kwa kiasi gani.

Kimya Kingi
Hapo kwenye majina sikubaliani na Nesi. Wangu alinificha jina moja, nikalikuta kwenye orodha ya waalikwa wa harusi. Bora ningejua.

Mchumba Mtarajiwa
Basi hata nyinyi hamjaafikiana. Nimemwandikia mshauri wetu kwamba tunataka kikao kingine, kila mtu na karatasi yake. Amejibu kwamba yeye hajawahi kufanya hivyo, nimtumie maswali. Mama Pacha, unayakumbuka yote?

Mama Pacha
Karatasi ninayo bado. Jioni nakuandikia.