Tupeane uzoefu: kukanseli mapigo na bafa ya vitufe, nyie mnapanga vipi?

upanga_mzito: Wadau wa gemu za mapigano, tupeane uzoefu wa hii kitu. Naanza na yangu. Pigo zito la upanga, fremu 48 kwa spidi ya fremu 60 kwa sekunde. Fremu 16 za mwanzo anavuta upanga nyuma, 17 mpaka 20 ndio pigo lenyewe linaloumiza, zilizobaki mwili unarudi. Kukanseli kwenda pigo la pili nimeruhusu kuanzia fremu ya 28, na kitufe ukibonyeza mapema bafa inakikumbuka kwa fremu 12, yani sekunde 0.2, alafu kinasahaulika.

Kwenye karatasi safi kabisa. Sasa wajaribuji wakawa wanalalamika kitu cha ajabu, ukipiga hewa kombo inatoka vizuri ila ukimpiga adui kweli haitoki, yani gemu inakuwa nzito pale pale inapotakiwa iwe tamu. Kilichonifungua macho ni kuchora mstari chini ya skrini, kila fremu inasogea, kitufe kikibonyezwa doa linatokea na bafa ikifa doa linageuka jekundu. Chanzo ni ile kufrizi kidogo pigo likigusa. Yangu inafrizi fremu 6. Mchezaji anabonyeza kwa mdundo, kidole kinashuka pale pale upanga unapogusa, fremu ya 17. Akipiga hewa kutoka 17 mpaka 28 ni fremu 11, bafa bado hai. Akigusa adui animesheni inasimama fremu 6 lakini saa ya bafa inaendelea kuhesabu, kwahiyo anahitaji 17 na bafa ina 12 tu. Kitufe kinakufa kabla mlango haujafunguka. Dawa ni mistari miwili:

```
if (!inHitstop) bufferLeft -= dt;
if (bufferLeft > 0 && animTime >= cancelStart) Play(buffered);
```

Yani saa ya bafa isimame pamoja na animesheni. Nyie mmekutana na nini?

kidole_chepesi: Mbona unajitesa mkuu, weka bafa ndefu tu. Mimi naikumbuka tangu fremu ya kwanza mpaka pigo liishe na hakuna aliyewahi kuniambia kitufe kimepotea. Bafa ikiwa kubwa gemu inakuwa nyepesi, basi.

mama_fremu: @kidole_chepesi hapo umepatia nusu. Ni kweli kitufe hakitapotea, ila angalia upande wa pili. Mtu akipaniki anabonyeza shambulio mara mbili tatu kwenye fremu ya 5, wewe unaliweka pigo la pili foleni, alafu adui anainua mkono, mchezaji anabonyeza kukwepa fremu ya 25, na mhusika wake anatoa pigo ambalo yeye mwenyewe ameshalisahau. Anakufa huku anaangalia mhusika akifanya kitu ambacho hakukiomba, na hatosema bafa ni ndefu, atasema gemu haimsikii, maneno yale yale anayosema mtu ambaye kitufe chake kimepotea! Ndo maana lalamiko peke yake halikuambii urefushe au ufupishe, lazima uone ule mstari alioutaja upanga_mzito.

Kwangu bafa haina foleni, ina nafasi moja tu. Kitufe kipya kinafuta cha zamani, isipokuwa kukwepa, kukwepa kukishaingia shambulio halikifuti. Na haifunguki mapema, nasubiri mpaka upanga uanze kushuka.

kidole_chepesi: Mmh. Kwenye gemu yangu hakuna kukwepa, kuna kushambulia na kuruka tu, labda ndo maana sijawahi kuona hilo. Ntajaribu hiyo ya nafasi moja.

skrini_laini: Mimi tatizo kama hilo niliondoa kwa kuzima V-Sync, bafa ya picha ikapungua na vitufe vikawa vinaitika haraka. Jaribuni kwanza kabla ya kugusa kodi.

mama_fremu: @skrini_laini hiyo ni bafa nyingine ndugu yangu, ya picha zinazosubiri kuonyeshwa. Hapa tunaongelea kukumbuka kitufe. Ila umegusa jambo, ule ucheleweshaji wa skrini upo kwa kila kitu, ndo maana kupanga madirisha ya kukanseli kwenye mashine moja tu kunadanganya, kwenye tivii yenye kuchelewa mchezaji anaona pigo likigusa fremu kadhaa baada ya gemu kulihesabu.

tone_la_wino: Mimi ni wa animesheni sio kodi, niseme ya upande wetu. Kwa timu niliyokuwepo wakodi walileta kukanseli mapema, vidole vikafurahi, ila kwenye macho ikawa uji. Upanga unatokea kushoto mara uko kulia hujui ulipita wapi. Tukaigandisha video fremu kwa fremu. Pigo la pili lilikuwa na maandalizi ya fremu 10, na kuchanganya kutoka animesheni moja kwenda nyingine kumewekwa fremu 12. Yani kabla mchanganyo haujaisha pigo lilikuwa limeshatua, ile pozi ya kuvuta upanga haikuwahi kuonekana hata fremu moja ikiwa kamili!

Tukashusha mchanganyo mpaka fremu 3. Peke yake ingerusha mwili, kwahiyo nikachora upya pigo la kwanza ili pozi ya ile fremu ya kukanseli ifanane na pozi ya kwanza ya pigo la pili, bega lile lile, uzito mguu ule ule, na kati ya pigo kutua na mlango kufunguka nikaomba zibaki fremu kama 8 ambazo upanga umetulia mwisho wa safari yake. Hizo 8 msiniguse, ndizo jicho linatumia kusoma pigo limetoka wapi limeishia wapi. Sehemu ya kurudisha mwili ikate tu, ile huwa inaonekana kwa mtu ambaye hajabonyeza kitu.

upanga_mzito: @tone_la_wino hii dhahabu, na yangu kati ya 20 na 28 ndo hizo hizo 8, basi siziguse.

mgeni_wa_kodi: Samahani kama natoka nje ya mada, kwangu kitufe hakifiki kabisa kwenye bafa. Kinapotea hivi hivi hasa gemu ikiwa laini sana fremu 144. Nasoma `Input.GetButtonDown` ndani ya `FixedUpdate`.

upanga_mzito: Ndo hapo hapo. `FixedUpdate` kwa kawaida inaenda mara 50 kwa sekunde, wewe unachora mara 144, na `GetButtonDown` ni kweli kwa fremu moja tu ya kuchora, kwahiyo nyingi zinapita katikati bila kuonwa. Soma kitufe ndani ya `Update`, kiandike kwenye bafa na muda wake, alafu `FixedUpdate` ije kukichukua.

kasi_kwanza: Mimi kwenye kukwepa siwaelewi watu. Kukwepa kukanseli kila kitu wakati wowote, hata katikati ya pigo. Mchezaji amesema kwepa, kwepa.

mama_fremu: Na pigo zito litakuwa na uzito gani kama halina gharama? Mimi naruhusu kukwepa fremu 6 za mwanzo, kabla upanga haujasomeka, alafu tena baada ya pigo kutua. Katikati umeshajifunga.

kasi_kwanza: Kwa gemu ya mtu mmoja mmoja sawa. Yangu maadui ni 10 kwa pamoja, ukijifunga hata fremu 10 unapigwa na mtu ambaye hata humuoni.

tone_la_wino: @kasi_kwanza alafu wanaocheza wawili wawili? Mwenzako anavuta upanga, unamwachia nafasi, mara ameshakanseli. Sijaona hiyo ikitatuliwa vizuri, mwenye mfano aweke video hapa.