"Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani": nimwelezeje mpwa wangu anayejua Kiingereza tu?

MjombaSahare:
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini na nina jambo linaninyima raha.

Mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 19, amekuja kututembelea kutoka Uingereza alikozaliwa. Kiswahili chake ni shikamoo, asante na majina ya vyakula, basi. Bibi yake, yaani mama yangu, anakaa Ngamiani, barabara ya nane. Juzi usiku tumekaa ukumbini, bibi akamshika mkono, akamtazama sana, akasema: "Mwanangu, mwenda tezi na omo..." Akanyamaza. Sisi wakubwa tukamalizia: "marejeo ni ngamani." Mama akafuta machozi.

Binti akaniuliza bibi amesema nini. Mimi kwa haraka nikatafsiri neno kwa neno. Nilichomwambia kwa Kiingereza, ukikirudisha kwetu, ni hivi: "Mwanamume aendaye nyuma ya meli na mbele ya meli, atarudi chini kwenye tumbo la meli." Akanyamaza. Baadaye nikamkuta barazani analia. Kumbe wiki iliyopita tulimpeleka Bagamoyo, akaonyeshwa mambo ya biashara ya watumwa. Kwake tumbo la meli ni mahali watu walipofungwa minyororo. Akadhani bibi anamwambia kwamba azunguke atakavyo, mwisho wake ni huko.

Bibi naye anahisi mjukuu amemkwepa. Binti anaondoka Jumapili. Naombeni njia ya kumweleza hii methali ikamwingia kama inavyotuingia sisi.

TotoLaRaskazone:
Pole sana mkuu. Lakini si ni rahisi? Waingereza wana methali yao inayosema uende mashariki au magharibi, nyumbani ndiko kuzuri. Mpe hiyo. Tuliambiwa shuleni kwamba ndiyo tafsiri yake.

Kijana_wa_Mabawa:
Mimi siku zote nilidhani ni "marejeo ni Ngamiani"! Na kwa kuwa bibi anakaa Ngamiani, nikaona inaleta maana kabisa. Nilipotafuta kwenye simu, "tezi" nikapewa ugonjwa wa shingoni na "omo" nikapewa sabuni ya kufulia. Hiyo ngama ni nini hasa?

BahariaWaPangani:
Kijana, hukukosea kwa uzembe, maneno hayo sasa yamebaki kwa watu wa vyombo. Nimesafiri na majahazi kati ya Pangani, Tanga na Pemba tangu nikiwa mdogo kuliko huyo binti, kwa hiyo niseme ninavyolijua.

Tezi ni nyuma ya chombo, kwenye usukani, anakokaa nahodha. Omo ni mbele, kule kunakopasua maji. Ngama ni chini katikati, ndani kabisa, juu ya mkuku, ambako maji yanayoingia chomboni hujikusanya. Na maji lazima yaingie. Chombo cha mbao hata kikalafatiwe vipi, ukishindiliwa kila mwanya pamba yenye mafuta, bado kitavuja kidogo, hasa kikilala upande kwa upepo. Kwa hiyo usiku na mchana kuna mtu anashuka ngamani na upo wake wa kutekea maji, anayafua, anayamwaga nje. Akilala huyo, haijalishi nahodha ni hodari kiasi gani.

Sasa mjomba, kosa lako limeanzia hapo. Ulimwambia "tumbo la meli" naye akaona gereza. Ngama kwetu si pa adhabu. Ni mahali ambapo kila baharia hufika, wa tezini na wa omoni. Ukienda kukaza kamba huko mbele, au kupokezana usukani huko nyuma, zamu yako ya kushuka ipo tu. Na bahari ikichafuka, watu hukimbilia katikati chini, kwa sababu ndiko chombo kinakoyumba kidogo. Tezi na omo hurushwa juu na chini, ngamani kumetulia.

MjombaSahare:
Mzee shikamoo. Hilo la kutulia katikati sikulijua kabisa, na mimi nimekulia Sahare naangalia vyombo kila siku.

BintiWaChumbageni:
Mimi nafundisha wageni Kiswahili, na naona makosa matatu kwenye tafsiri yako kaka. Usinielewe vibaya, kila mtu huyafanya akitafsiri papo kwa papo.

Kwanza, umesema "mwanamume". Methali haikusema hivyo. "Mwenda" ni yeyote aendaye. Kiingereza mara nyingi kinakuvuta useme wa kiume au wa kike, nawe ukachagua wa kiume, kwa hiyo binti akasikia habari ya mtu mwingine kabla hata hajafika kwenye meli. Angesikia "wewe ukienda", angejua bibi anazungumza naye.

Pili, umesema "atarudi", kama utabiri. Bibi alisema "marejeo ni ngamani", hana kitenzi cha wakati ujao pale. Anataja mahali pa kurejea, kwamba papo na panajulikana. Ukimwambia Mwingereza "utarudi chini" umemtishia. Ukimwambia "pa kurudia ni hapa" umemfungulia mlango.

Tatu, na hili ndilo kubwa, umeanza na maneno. Bibi alisema nusu akawaachia nyinyi nusu. Sisi tunajua nani anamalizia. Yule mtoto aliona watu wazima wote wanajibu kwa pamoja jambo asilolijua, na bibi analia. Ndiyo maana ningeanza na tukio: "Bibi alikuwa anakuaga." Halafu ningemchorea chombo. Halafu maneno yaje mwisho.

Na kwa @TotoLaRaskazone: hiyo methali ya Kiingereza inafanana nusu tu. Ile inasifia nyumbani, inasema kuzuri. Yetu haijasema ngamani kuzuri. Kuna maji machafu, kunanuka, na unashuka kufanya kazi. Inasema tu kwamba hutakwepa kurejea. Ukimpa ile ya kwao, ataelewa haraka, lakini ataondoka na kauli ya watu wengine badala ya ya bibi yake.

TotoLaRaskazone:
Sawa dada, nimekuelewa. Ila mtoto ana siku chache tu, mimi naona bora apate nusu kuliko kulia barazani.

Mwongoza_Watalii_Bgm:
Mimi niko Bagamoyo na kazi yangu ni kutembeza wageni. Yangu ni "ukiona vyaelea vimeundwa". Niliwatafsiria mara ya kwanza nikasema "ukiviona vinaelea, vimetengenezwa." Wakaniuliza vitu gani? Hapo ndipo nilipogundua kwamba ile "vi" ndiyo yenye neno zima, vyombo, na haikutajwa popote. Siku hizi siitafsiri mpaka tufike ufukweni wanakojenga mashua. Nawaacha waguse mbao, wamwone fundi anavyopigilia msumari, kisha nawaonyesha iliyo majini. Ndipo nasema maneno. Hakuna anayeuliza vitu gani.

Mkuu, swali lako limeniumiza kidogo kwa hiyo habari ya Bagamoyo. Hata mimi mgeni akitoka kwenye makumbusho simwambii lolote la meli siku hiyo.

Ustadh_Tongoni:
Assalaam alaykum. Naona wote mmeshika safari na nyumbani. Sisi kwa wazee wetu methali hii tumeisikia matangani. Mwenda tezi na omo ni binadamu na hangaiko lake la dunia, mbele na nyuma, na ngamani ni kaburi. Marejeo ya kila mtu ni huko. Je, una hakika bibi hakukusudia hivyo? Mtu mzima anayemuaga mjukuu na kufuta machozi huenda alikuwa anajisema yeye mwenyewe.

BahariaWaPangani:
Ustadh, waalaykum salaam. Hayo nayo nimeyasikia, sipingi. Lakini kwenye chombo hatukuwahi kuyasema kwa mauti. Kijana akichukia nyumbani akaenda kutafuta kazi kwa nahodha mwingine, wazee walimwambia hivyo, kwamba atarudi tu. Tena ilikuwa na onyo kidogo: usiondoke kwa matusi, kwa kuwa utapita hapa tena.

BintiWaChumbageni:
Ndiyo maana mtu wa kwanza wa kuulizwa ni bibi mwenyewe. Methali moja inaweza kubeba zote mbili, ila yeye usiku ule alibeba ipi? Kaka, muulize mama, tena faragha. Na muulize pia kama alikuwa na onyo. Maana kama angetaka kumkemea, tunazo kali zaidi, angesema "mkataa kwao ni mtumwa". Na hiyo, kwa alichokiona yule mtoto Bagamoyo, usiitafsiri kabisa wiki hii.

MjombaSahare:
Wakuu, nawarudia. Nimemuuliza mama leo asubuhi akichambua mchele. Amesema: "Nilitaka ajue pana pake." Basi, hakuongeza neno. Ustadh, sikuthubutu kumuuliza habari ya kaburi.

Mchana nikakaa na binti. Nimeanza na tukio kama dada alivyoshauri: bibi alikuwa anakuaga, haya ni maneno ya kuagana na mtu wa kwetu. Nikachora chombo kwenye karatasi, nikaweka alama tatu, nikamwandikia tezi, omo, ngama. Nikamuuliza, maji yakiingia yatakusanyika wapi? Akaonyesha mwenyewe kwa kidole, katikati chini. Nikamuuliza, chombo kikiyumba, wewe utakaa wapi? Akafikiri, akaweka kidole palepale. Hapo nikasema maneno, polepole: wewe ukienda nyuma, ukienda mbele, pa kurudia ni hapa. Akanitazama. Akayasema kwa Kiswahili mara mbili, ile "ng" ya mwanzo ikimshinda kidogo.

Jioni ameenda kukaa na bibi jikoni. Bibi akasema "mwenda tezi na omo", naye akajibu "marejeo ni ngamani". Mama alimkumbatia mpaka nikatoka nje.

Lakini usiku ameniuliza swali nimeshindwa kulijibu. Kasema: "Mjomba, mimi nimezaliwa huko tezini. Ngamani sijawahi kukaa. Mtu anarejeaje mahali ambapo hakutoka?" Wazee, nimwambie nini?

Ustadh_Tongoni:
Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Nipe muda nilifikirie.

BintiWaChumbageni:
Mimi sina jibu kaka. Neno "marejeo" kweli linadai mtu awe alitoka hapo. Huenda bibi anamhesabu pamoja na mama yake, kwamba aliyetoka ni mmoja. Lakini huo ni ubunifu wangu, simjui bibi.

BahariaWaPangani:
Usimjibu bado. Jumamosi nitakuwa Sahare, kuna jahazi la shemeji yangu linakalafatiwa. Mlete asubuhi maji yakiwa yamekupwa, chombo kitakuwa kimekaa mchangani. Aje na nguo za kuchafuka, nitamshusha ngamani mwenyewe na upo nitampa.

MjombaSahare:
Tutakuja mzee. Na bibi amesema anakuja pia.