Msaada: mnakaguaje picha ya bidhaa iliyotengenezwa na akili mnemba kabla ya kumpa mteja?

MichoroKisumu
Wadau, hamjambo. Kuna mama hapa Kisumu anayesaga njugu karanga na kuuza siagi yake kwa chupa za gramu 400. Alinipa chupa moja na picha aliyoipiga kwa simu, nami nikatengeneza picha safi kwa akili mnemba: chupa juu ya meza ya mbao, njugu zimetawanyika kando. Nimeiambatisha hapa. Ataiweka WhatsApp, na anataka pia bango la A3 la dukani. Nimeitazama mpaka macho yamechoka na sioni kosa, lakini siamini kwamba halipo. Nyinyi mnaanza na nini?

Mpigapicha_Kondele
Dada, mimi nina kamera na taa. Niletee chupa kesho tuipige, tutaelewana bei.

MichoroKisumu
Asante, kaka, lakini hii tayari ipo. Nataka kujua namna ya kuikagua.

FundiLebo
Weka chupa yenyewe mezani kando ya skrini. Ukiitazama picha peke yake utauliza kama inapendeza, na hizi picha karibu zote zinapendeza. Swali ni kama hii ndiyo chupa ya huyu mama.

Anza na umbo. Linganisha shingo na kifuniko, pima kwa macho urefu dhidi ya upana. Kisha nenda kwenye lebo, kuza picha hadi asilimia 200, usome herufi moja moja ukianzia mwisho wa neno. Ukisoma kwa kawaida, akili inakujazia neno unalolijua hata kama herufi zimeharibika. Maandishi makubwa mara nyingi hutoka sawa siku hizi. Kosa hujificha kwenye madogo: viambato, uzito, tarehe, nambari ya kibali chini ya alama ya KEBS. Ile mistari ya kuskani nayo ijaribu kwa simu. Bidhaa zilizosajiliwa Kenya nambari zake huanza na 616, lakini mashine inaweza kuandika 616 na mistari yenyewe isisomeke.

Kijana_wa_Nakuru
Mimi huandika kwenye maelezo kwamba maneno yawe sahihi, kisha natengeneza tena na tena mpaka yasomeke. Yakisomeka namaliza.

FundiLebo
Kutengeneza upya husaidia, ila kila mara unapata chupa nyingine kidogo, kwa hiyo ukaguzi unaanza upya. Na kusomeka si kuwa sahihi: “gramu 450” inasomeka vizuri kabisa. Mimi sitegemei mashine kwa lebo. Naomba faili la lebo kwa mwenye bidhaa, naliweka juu ya picha na kulipinda lifuate mviringo wa chupa.

Hapo pana kosa jingine. Kama kamera iko juu kidogo ya kifuniko, mviringo wa kitako lazima upinde zaidi kuliko wa kifuniko, na kupinda kwa kingo za lebo kuwe kati ya hiyo miwili. Kwenye picha yako kifuniko kimepinda sana na kitako kimenyooka kama rula. Mteja hatajua jina la kosa hilo, lakini ataona chupa kama imebandikwa.

MichoroKisumu
Kweli kabisa, nimeliona! Na baada ya kuweka chupa kando nimeona mawili zaidi. Lebo inasema gramu 40, sifuri moja imemezwa. Na zile “njugu” za kulia ni lozi.

Mama_Keki_Kakamega
Hilo la lozi si dogo. Mimi nilitengenezewa picha ya keki yangu ya ndizi ikawekwa korosho juu. Mteja mwenye mzio aliniuliza kama zimo ndani.

Kijana_wa_Nakuru
Na kivuli? Kinaanguka kushoto, na mng’ao wa kioo pia uko kushoto.

FundiLebo
Umeona vyema. Mng’ao huweza kutoka dirisha la pili, lakini hapa njugu zote zina kivuli cha upande mmoja, kwa hiyo huo wa kioo urekebishwe.

Kuhusu A3: picha yako ina pikseli 1024 kila upande. Ukichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni takriban sentimita 8.7, na A3 ina upana wa 29.7. Programu ya kukuza picha itaongeza ukubwa wa mbao na njugu bila shida, lakini herufi ndogo itazibuni upya. Kuza kwanza, ndipo uweke lebo halisi, kisha chapisha kipande cha lebo tu kwa ukubwa wake kamili, ukisome kwenye karatasi.

MichoroKisumu
Sawa. Rangi ya siagi je? Kwenye picha ni ya dhahabu, ndani ya chupa ni kahawia.

Mama_Keki_Kakamega
Ibaki kahawia. Mnunuzi akifungua nyumbani atalinganisha.

Kijana_wa_Nakuru
Mimi ningeing’arisha kidogo, matangazo yote hufanya hivyo.

FundiLebo
Mpelekee mama picha mbili, akiwa na chupa mkononi mchana nje, achague yeye. Mimi naegemea kahawia.