Tupeane uzoefu: matangazo ya vyumba yanapofunika maswali ya washiriki kwenye grupu la kongamano

Mtunza_Daftari
Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita nilikuwa mmoja wa maadimini wa grupu la WhatsApp la kongamano la chama chetu, Arusha, siku 3, watu 412 ndani ya grupu. Tulilifungua ili washiriki waulize mambo yao: basi la hotelini linatoka saa ngapi, beji zinachukuliwa wapi, risiti, chakula cha wasiokula nyama.

Siku ya pili ratiba ikavurugika, na grupu nalo likavurugika. Jioni nikakaa na simu nikahesabu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana. Meseji 163. Za kwetu kamati, 58. Mabadiliko yenyewe ya vyumba na saa yalikuwa 9 tu! Kila badiliko tulilituma kama maandishi, kisha picha ya bango, kisha "marekebisho", kisha "tunawakumbusha", na maadimini tulikuwa 6, kila mmoja akifowadi la kwake kwa sababu hajaona kama mwenzake ameshatuma.

Maswali yalikuwa 31. Kumi na manne hayakujibiwa na mtu. Kuna mama aliuliza saa 3:10 chumba cha kunyonyeshea kiko wapi. Akauliza tena saa 4. Saa 5 kasoro akauliza mara ya tatu, akajibiwa na mshiriki mwenzake: "Hata mimi nimekitafuta sijakiona." Hilo linaniuma mpaka leo.

Novemba tunakutana tena. Aliyewahi kusimamia grupu la namna hii aseme alifanya nini na nini kilimharibikia.

Babu_Kipaza
Dawa yake ndogo. Funga grupu, adimini peke yao ndio watume. Sisi Dodoma tulifunga siku ya kwanza asubuhi, ikawa kimya, safi kabisa.

Mtunza_Daftari
Na maswali yalikwenda wapi, mzee wangu?

Babu_Kipaza
Inboksi. Kweli yangu ilijaa, nilikuta tisini na kitu usiku. Lakini grupu lilikuwa safi.

Chausiku_K
Umeondoa taka sebuleni ukazimwaga chumbani kwako 😂

Babu_Kipaza
Cheka tu. Matangazo yalionekana.

Salma_wa_Kizingo
Mzee hajakosea nusu ya kwanza. Matangazo yanataka mahali ambapo adimini pekee anatuma. Kosa ni kufunga mlango huo bila kufungua mwingine.

Mwaka fulani tulikuwa na kongamano Nairobi, tukatumia Jumuiya ya WhatsApp: upande wa matangazo umefungwa, na chini yake grupu moja wazi la maswali. Asubuhi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kufikia saa 5 maadimini wetu wenyewe wakaanza kufowadi matangazo kwenye grupu la maswali, "kwa wale wasiosoma kule". Tukarudi tulikotoka, tena sasa kila tangazo liko mara mbili. Ikabidi tukubaliane kwamba tangazo haliingii kwenye grupu la maswali isipokuwa mtu ameuliza, na hapo linaingia kama jibu lililonukuu swali lake.

Jambo la pili lilinifunza adabu. Nilitaka ujumbe mmoja uliobandikwa juu, niwe nauhariri siku nzima kila chumba kinapobadilika. Nikaubandika saa 1. Saa 2 naenda kuhariri, sehemu ya kuhariri haipo! WhatsApp inakupa dakika 15 tu tangu ulipotuma. Basi orodha yangu ikabaki imebandikwa pale juu na makosa yake, watu wanaifuata.

Toka hapo tunatoa orodha zenye namba, mbili kwa siku: saa 1 asubuhi na saa 6 na nusu mchana, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula na simu mkononi. Orodha mpya ina kila badiliko ambalo bado liko hai, ili mtu asirudi nyuma kutafuta. Ya zamani inabanduliwa palepale. Katikati hatutumi kitu, ila kama kipindi kinaanza ndani ya dakika 40 na mtu atakwenda chumba kisicho chake. Ilikuwa hivi:

```
ORODHA 4, Jumatano saa 6:30 mchana (puuza orodha 3)

Udongo na mbolea, saa 8:00
KUTOKA chumba B KWENDA chumba F
Ghorofa ya 2, ngazi za upande wa kantini

Masoko ya mazao, chumba C
Sasa saa 9:15, si saa 8:30

Mengine yote: kama kitabu cha ratiba.
```

Huo mstari wa mwisho tuliuongeza siku ya pili. Kabla yake kila orodha ilizaa maswali: "na sisi wa chumba D je?" Mtu asiyeona jina la kipindi chake hajui kama hakijabadilika au kimesahaulika. Na ile ngazi ya kantini usiione ndogo. Tangazo lisilosema ghorofa linaleta "F iko wapi?" kumi.

Mwl_Tumsifu
Hili la maswali nimelikuta sana. Msimamizi wa mada hapeleki kipaza nyuma, wanauliza walewale wa mbele. Mimi napendekeza vikaratasi, watu waandike maswali yakusanywe.

Chausiku_K
Mwalimu, tunaongelea maswali ya kwenye grupu la simu, si ukumbini.

Mwl_Tumsifu
Oo, samahani, nimesoma mbiombio. Lakini vikaratasi ni vizuri.

Fundi_wa_Spika
Niseme kutoka upande wangu, maana mimi ndiye ninayehamisha vipaza na projekta. Mnahesabu matangazo, nyuma yake hamkuangalii. Kamati inakaa, inasema "kipindi hiki watu wamezidi, kihamie F." Palepale mmoja anaandika kwenye grupu. Mimi nafika F nakuta meza za duara za chakula cha jioni zimeshapangwa, na vitambaa juu. Kuzitoa na kupanga viti vya safu kwa dakika 20 haiwezekani. Basi "tunarudi B." Halafu B imeshachukuliwa, "nendeni D." Badiliko moja, matangazo matatu, na mawili ya kwanza yalikuwa uongo.

Siku hizi nikifanya na watu wanaosikiliza, nawaambia tangazo lisitoke mpaka mtu aliyesimama ndani ya chumba kipya aseme "tayari". Asiwe aliyeko ofisini. Amehesabu viti, amewasha projekta, amesikia kama chumba cha pili kinapiga kelele (zile kuta za kukunja zinapitisha sauti kama pazia). Ndipo mtu mmoja, jina lake linajulikana, anaandika.

Salma_wa_Kizingo
Fundi, hilo sisi hatukuwa nalo. Orodha namba 3 yetu ilikufa hivyohivyo.

Mshiriki_Tu
Mimi sijawahi kuwa adimini, nilikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti. Kongamano kama hilo lenu, simu ilitetemeka mpaka nikanyamazisha grupu saa 4. Baada ya hapo hata tangazo la kweli sikuliona. Nilikaa dakika 25 nasikiliza mada ya ufugaji wa nyuki, mimi mtu wa maji. Nilikuwa naona aibu kutoka.

Hivi kwa nini hamuweki mtu kwenye mlango wa chumba cha zamani? Au karatasi tu. Sote tuliopotea tulipita mlango ule.

Fundi_wa_Spika
Karatasi iandikwe kwa maka pen nene, ibandikwe usawa wa macho. Watu wanabandika A4 iliyochapwa herufi za mchwa.

Zamu_ya_Saa_Mbili
Nilikuwa mwanafunzi wa kujitolea, tuliachiwa grupu la maswali tupu, watu kama 300. Tulikuwa wanne, zamu za saa mbili mbili. Shida haikuwa kujibu, ilikuwa kujua lipi limejibiwa. Ukipokea zamu unakuta meseji 80 na mwenzako ameshakwenda kula.

Tukaanza kuweka alama kwenye swali lenyewe kwa emoji. ⏳ nimeliona nalifuatilia, ✅ limejibiwa. Ukiingia zamu unapanda juu, kila swali lisilo na alama ni lako. Saa mbili za kwanza ilikwenda, kisha washiriki nao wakaanza kuweka ✅ wakimaanisha "hata mimi nataka kujua". Maswali matatu tuliyaruka tukidhani yameisha. Tukabadili, jibu likawa twiga 🦒. Hakuna anayebonyeza twiga kwa bahati mbaya.

Kilichotushinda ni ⏳ za siku nzima. Mtu kauliza cheti kitakuwa na jina la kati au hapana, tukaulizia juu, juu hawajui. Jioni bado ⏳. Nadhani tungesema tu "hatujui, tutawaambia kesho saa 2" na kuweka twiga. Wenzangu walikataa, wakasema hilo si jibu. Hatukuelewana mpaka tunaondoka.

Babu_Kipaza
"Hatujui" ni jibu. Mimi ningeshukuru.

Chausiku_K
Mzee leo unanishangaza.

Niyo_Buja
Sisi Bujumbura tulihamia Telegram kwa ajili ya Topics. Ndani ya grupu moja kuna mada ya matangazo, ya usafiri, ya maswali kwa Kiswahili na ya maswali kwa Kifaransa. Na anayejiunga siku ya pili anaona ya nyuma, ambayo kwa WhatsApp tulikuwa tunamtumia upya kila mgeni, nayo ni kelele. Mpangilio ulikuwa mzuri kweli. Ila wengi walikuwa na bando la WhatsApp peke yake, Telegram hawakuiweka. Wakaunda grupu lao la pembeni la WhatsApp, na maswali yote yakaenda huko, ambako kamati hatumo. Kwa watu wa kompyuta ningefanya tena. Kwa wengine sijui.

Mtunza_Daftari
Nimeandika yote. Novemba naanza na mpango wa Salma, ila mwandishi wa tangazo ni mmoja na hasogei bila "tayari" ya mtu wa chumbani. Karatasi mlangoni. Twiga naye namchukua.

Ninapokwama ni kwa mhazini. Anasema mabango ya wadhamini lazima yaingie kwenye grupu la maswali kwa sababu ndiko watu waliko, na kwamba ameshawaahidi. Mara tatu kwa siku.

Salma_wa_Kizingo
Kwetu mdhamini alishinda. Tulichopata ni kumshusha hadi mara moja kwa siku, saa 2 usiku, watu wamerudi hotelini. Jaribu, lakini usinitaje.

Zamu_ya_Saa_Mbili
Mtunza, yule mama. Chumba cha kunyonyeshea kilikuwepo kweli?

Mtunza_Daftari
Kilikuwepo. Mlango wa pili kushoto ukitoka mapokezi. Kilikuwa kimefungwa, na ufunguo alikuwa nao mwenzetu mmoja wa kamati, ambaye asubuhi yote alikuwa anatuma mabango.